Wali uliolala kwenye friji: gramu za wanga hupungua kiasi gani?

*"Mwanangu ana miaka kumi na mitatu na ana kisukari cha aina ya kwanza. Tunahesabu gramu za wanga, na kipimo chake ni yuniti 1 ya insulini ya haraka kwa kila gramu 10. Wali napika jioni, unalala kwenye friji, kesho yake napasha moto. Kwenye kundi letu la WhatsApp wameandika kwamba wali uliolala hupoteza nusu ya wanga. Sahani yake ni gramu 250 na nimekuwa nikiihesabu wanga gramu 70. Je, sasa nihesabu 35? Na viazi vya Molo tunavyochemsha, navyo ni hivyo hivyo? Niko Kisumu, friji tunayo."*

Hapana mama, usihesabu 35. Sahani hiyo ibaki 70 kwenye daftari lako. Ni kweli wanga unaomeng'enywa hupungua wali ukilala kwenye baridi, lakini kwa sahani ya mtoto wako upungufu wenyewe ni kama gramu 2 na nusu. Ukimpa yuniti 3 na nusu badala ya 7, sukari itapanda na kubaki juu usiku kucha. Tuseme kwake yuniti moja hushusha sukari kwa mmol/L 3. Yuniti 3 na nusu zilizokosekana zitamwacha juu kwa takriban mmol/L 10. Mtoto aliyeketi mezani akiwa na 7 ataingia kitandani akiwa na 17.

Hiyo "nusu" ina chanzo chake, na ni vizuri ukijue ili uweze kuwajibu wenzako kwenye kundi. Mwezi Machi 2015, watafiti wawili kutoka Sri Lanka walitoa matokeo yao kwenye mkutano wa Jumuiya ya Kemia ya Marekani. Walipika mchele kwa maji yaliyotiwa mafuta kidogo ya nazi, wakauweka wali kwenye friji saa 12, kisha wakapima maabara. Kwa aina moja ya mchele, wanga sugu, yaani ule usiomeng'enywa, uliongezeka hadi mara kumi. Wakasema kwamba ikipatikana aina bora ya mchele, huenda kalori zikapungua kwa asilimia 50 hadi 60. Zingatia neno "huenda". Hayo yalikuwa matarajio yao, wala hawakuwa wamepima sukari ya mtu aliyekula sahani ya wali. Isitoshe, mara kumi ya kitu kidogo sana bado ni kitu kidogo. Habari ilipofika magazetini na kwenye simu, "huenda" ilikuwa imeshadondoka njiani.

Sasa tuingie ndani ya punje yenyewe. Wanga wa mchele ni minyororo mirefu ya sukari iliyoshikana. Iko ya namna mbili: amilosi, ambayo imenyooka, na amilopektini, ambayo ina matawi mengi kama mti. Punje ikiwa mbichi, minyororo hiyo imebanana kama mzigo wa kuni uliofungwa kwa kamba, na vimeng'enya vya tumboni havipati pa kupenya. Ukichemsha, maji na moto vinalegeza kamba, minyororo inatawanyika na kunyonya maji, na punje inavimba na kuwa laini. Hapo vimeng'enya huikata kwa urahisi, na ndiyo sababu wali wa moto hupandisha sukari haraka.

Wali ukipoa, minyororo hutafutana tena. Amilosi, kwa kuwa imenyooka, hujipanga bega kwa bega ndani ya saa chache na kushikana kwa nguvu. Amilopektini nayo hujaribu, lakini matawi yake huizuia, hivyo huchukua siku kadhaa na kushikana kwake ni kwa udhaifu. Hata kwa kidole utaligundua hilo. Chukua punje ya wali wa jana kutoka kwenye friji uibinye: ni ngumu, na huvunjika badala ya kupondeka. Ile sehemu iliyoshikana kabisa hupita kwenye utumbo mdogo bila kukatwa, ikafika utumbo mpana, na huko bakteria huichachusha. Haigeuki kuwa sukari ya damu.

Ukipasha moto, kilichojengwa na amilopektini huyeyuka mapema, hata kabla maji hayajachemka. Ndiyo maana wali uliokuwa mgumu hulainika tena. Kilichojengwa na amilosi huhitaji joto lililopita lile la maji yanayochemka, kwa hiyo sufuria yako haiwezi kukiondoa. Basi hapo wenzako wako sawa: kupasha wali moto hakufuti faida yote. Walichokosea ni ukubwa wake.

Ukubwa huo umepimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Indonesia walichapisha vipimo vya wali mweupe. Uliotoka jikoni moja kwa moja ulikuwa na wanga sugu gramu 0.64 kwa kila gramu 100 za wali. Uliolala saa 24 kwenye nyuzi 4 za Selsiasi kisha ukapashwa moto ulikuwa na gramu 1.65. Tofauti ni gramu 1 tu kwa kila gramu 100. Sahani ya mwanao ya gramu 250 hupoteza basi gramu 2 na nusu: 70 inakuwa 67 na nusu. Kwa kipimo chenu cha yuniti 1 kwa gramu 10, hiyo ni robo ya yuniti. Kalamu za insulini zilizo nyingi huhesabu yuniti nzima nzima, na zile za watoto nusu nusu. Robo haipigiki. Kijiko kimoja cha wali kilichojaa kupita kawaida kina wanga zaidi ya huo unaotaka kuutoa.

Tena kuna mtego mmoja ambao huwanasa hata wanaopima kwa mizani, nao huvuta hesabu upande wa pili. Wali ukikaa kwenye friji hupoteza maji, hasa kama bakuli halikufunikwa vizuri, na ukiupasha moto hupoteza mengine. Wanga haupotei pamoja na mvuke. Tuseme umepika gramu 300 za mchele mkavu. Mchele mkavu una takriban gramu 79 za wanga kwa kila gramu 100, kwa hiyo ndani ya sufuria kuna gramu 237. Wali ukiiva una uzito wa gramu 850, yaani karibu gramu 28 za wanga kwa kila 100. Sahani ya gramu 250 ndiyo hiyo 70 unayoandika. Kesho yake, baada ya friji na moto, wali uleule una uzito wa gramu 800. Wanga ni 237 ileile, ila sasa kila gramu 100 zina karibu gramu 29.6. Ukipakua gramu 250 zilezile kwa mizani, umepakua gramu 74. Toa zile 2 na nusu za wanga sugu, unabaki na 71 na nusu. Sahani ya kiporo, kwa hesabu ya gramu, imekuwa na wanga mwingi kidogo kuliko ya jana.

Kwa hiyo ukitaka usahihi, shughulika na mizani kwanza, wanga sugu baadaye. Pima mchele mkavu kabla ya kuosha. Jua uzito wa sufuria tupu, uuandike kwa kalamu ya wino mzito chini yake. Wali ukiiva pima sufuria yote, toa uzito wake, kisha gawanya wanga wote kwa uzito wa wali. Kama una nia ya kuulaza, mpimie mwanao fungu lake hapo hapo ukiwa wa moto, ulaze fungu hilo peke yake kwenye chombo chenye kifuniko. Kesho yake hata likipungua uzito, wanga wake umeshaandikwa.

Na ukitafuta takwimu kwenye simu, angalia wanga unahesabiwaje. Jedwali la vyakula vya Kenya lililotolewa na serikali pamoja na FAO mwaka 2018 huweka nyuzinyuzi kando na wanga unaomeng'enywa. Majedwali ya Marekani hujumlisha vyote pamoja. Mtu akichukua namba iliyokwisha kutolewa nyuzinyuzi, akazitoa tena, kisha akatoa na wanga sugu, atakuwa amepunguza kitu kimoja mara mbili au tatu, na mtoto ndiye atakayeonja matokeo.

Mpaka hapa nimezungumzia gramu. Lakini kuna jambo la pili linalonihangaisha kuliko gramu. Mwaka 2022 watafiti wa Polandi walichapisha jaribio walilofanya na watu 32 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Kila mmoja alikula wali wenye gramu 46 za wanga mara mbili kwa siku tofauti: mara moja ukiwa umetoka kupikwa, mara nyingine ukiwa umelala saa 24 kwenye baridi na kupashwa moto. Insulini haikubadilishwa. Kwa wali uliolala, kilele cha sukari kilikuwa chini kidogo, mmol/L 9.9 badala ya 11. Hilo linapendeza. Ila walioshuka sukari kupita kiasi walikuwa 12 baada ya wali uliolala, na 3 tu baada ya wali mpya.

Utaniuliza: kama wanga umepungua gramu moja au mbili tu, mbona sukari zimeshuka hivyo? Maelezo ninayoyaona yana mashiko ni kwamba wanga usiomeng'enywa kabisa ni sehemu tu ya mabadiliko. Kando yake kuna wanga mwingine ambao haujawa sugu ila umekuwa mgumu kiasi, na huo humeng'enywa taratibu. Gramu zake zote zinafika kwenye damu, lakini zinachelewa. Insulini ya haraka haizingojei. Inafanya kazi kwa nguvu zaidi katika saa ya kwanza na ya pili, na ikikuta sukari haijafika, inaikamata iliyopo. Hesabu ya gramu haiwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu gramu husema ni kiasi gani kitafika, hazisemi kitafika lini.

Ndiyo sababu sikuambii "puuza kabisa." Gramu usizipunguze, lakini tazama saa mbili za kwanza. Friji za watu, mchele wao na matumbo yao havifanani, kwa hiyo njia ya kuaminika ni kumpima mwanao mwenyewe. Zungumza kwanza na kliniki yake ili wakubali mpango, kisha ufanye hivi. Chagua Jumamosi mchana, asiwe na mpira wala safari. Usifanye jioni, kwa maana sukari ikishuka usiku mtagundua mkiwa mmeshachelewa. Mpe wali uliopikwa sasa hivi, gramu zilezile, na mboga na samaki walewale, kama ni omena na sukuma wiki iwe hivyo mara zote mbili. Insulini iwe ileile na muda wa kuidunga uwe uleule. Mpime kabla ya kula, kisha baada ya saa moja, mbili na tatu. Jumamosi inayofuata rudia kwa wali uliolala. Asianze jaribio akiwa chini ya 6 au juu ya 9.

Najua vijiti vya kupimia ni ghali. Ukilazimika kubana, usikose kile cha kabla, cha saa moja na cha saa mbili. Na usihukumu kwa mara moja. Viwango vya kimataifa vinakiruhusu kipima sukari kupotoka kwa asilimia 15, kwa hiyo sukari ya 10 inaweza kusomeka 8.5 au 11.5 bila mashine kuwa na kasoro. Tofauti ya mmol/L 1 kati ya Jumamosi mbili si habari. Ukirudia kila upande mara mbili au tatu, na kila mara wali uliolala unamfikisha chini ya 4 katika saa mbili za kwanza, hiyo ndiyo habari, nayo uipeleke kliniki pamoja na daftari. Kama sasa anadunga dakika 15 au 20 kabla ya kula, huenda wakamwambia adunge anapoanza kula siku za kiporo. Huenda wakapunguza dozi kidogo. Uamuzi huo ufanywe nao, wakiwa na namba zako mbele yao.

Akishuka chini ya 4, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, pima tena baada ya dakika 15. Usimwongezee wali uliolala ukidhani utamwinua.

Kwa wazazi wengine wanaosoma hapa ambao watoto wao wanatumia insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni: nyinyi msijaribu kubadilisha dozi kwa sababu ya kiporo. Dozi hiyo imepangwa ikitarajia chakula kinachofanana siku hadi siku.

Viazi vya Molo havina mengi ya kuongeza. Kwenye vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 2016, viazi vya moto vilikuwa na wanga sugu gramu 3.1 kwa kila gramu 100, vilivyopozwa kwenye friji 4.3, na vilivyopozwa kisha kupashwa moto 3.5. Mwanao akila gramu 200 zikiwa baridi, wanga unapungua gramu 2 na kidogo. Ukivipasha moto, haifiki hata gramu 1, kwa sababu wanga wa kiazi una amilopektini nyingi na moto unarudisha mambo karibu yalipokuwa. Sijui nyumba nyingi Kisumu zinazokula kiazi cha kuchemsha kikiwa baridi, labda kikiwa kwenye kachumbari yenye ndimu. Hesabu viazi vyako kama kawaida. Ukivipondaponda, tarajia sukari kupanda haraka zaidi kuliko vikiwa vipande.

Nimeacha la usalama mwisho ila kwa mtoto huyu ni zito. Kwenye mchele huwa kuna bakteria wa udongoni ambaye spora zake, yaani mbegu zake zenye ganda gumu, hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa kwenye sufuria mezani usiku kucha kwa joto la Kisumu, spora hizo huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiharibiwi na kupasha moto. Anayeikula huanza kutapika ndani ya saa moja hadi sita. Sasa fikiria mtoto aliyedungwa yuniti 7 kwa ajili ya gramu 70, kisha akazitapika. Insulini imeshaingia na haiwezi kutolewa.

Kwa hiyo wali wa kulaza usiachwe kwenye sufuria. Utandaze kwenye sinia au chombo kipana kisicho na kina, uache utoe mvuke, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, ukae chini ya nyuzi 5, na uliwe kesho yake. Upashwe mara moja tu mpaka utoe mvuke kila mahali. Stima ikipotea usiku na friji ikapata joto, mwaga.

Akitapika baada ya kudungwa, mpime mara moja na uendelee kumpima kila nusu saa, ukimpa kinywaji chenye sukari kidogo kidogo. Insulini ya muda mrefu usiisimamishe. Akitapika zaidi ya mara moja, akilegea au kuchanganyikiwa, sukari ikikataa kupanda juu ya 4, au ikipita 14 huku akitapika au kupumua kwa nguvu, mpeleke hospitali usiku huohuo na uwaambie mlangoni kwamba ana kisukari cha aina ya kwanza. Akipoteza fahamu usimtie kitu mdomoni; mlaze ubavu na mkimbilie hospitali.